Sekunde Tano za Video Yako: Nani Anaweza Kuzichukua?

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya akina mama na vijana, katika semina ya siku moja.)

Niliombwa niongee juu ya hizi video za simu, na hasa jinsi mtu mwingine anavyoweza kuchukua video yako na kuitumia kutengeneza yake. Mimi si fundi wa simu. Ni mfanyakazi wa huduma za jamii, na jambo hili nililijua kwa sababu lilinikuta kazini. Kwa hiyo nitaanza na yaliyotokea, halafu tutoe simu tuangalie pamoja.

Kuna kikundi kimoja cha akina mama, wanachama 26, wanaweka akiba na kukopeshana. Mweka hazina wao alichukua shilingi 18,400 za kikundi mtoto wake alipolazwa hospitalini. Hakuiba usiku akatoroka. Mwezi uliofuata alisimama mbele ya wenzake akasema mwenyewe, akalipa kidogo kidogo kwa miezi tisa, mpaka akamaliza. Wenzake wakamrudisha kuwa mwanachama. Amenikubalia niwaeleze haya, mradi nisimtaje jina.

Mwaka jana akakubali kusimulia kisa hicho kwa video, ili vikundi vipya vijifunze kwa nini funguo za sanduku hazikai na mtu mmoja. Katibu wao, msichana kijana, akairekodi kwa simu, dakika moja na sekunde kumi, akaiweka TikTok kwenye akaunti ya kikundi. Mama alianza hivi: "Mimi pesa za kikundi nilikula." Halafu ndipo akaeleza kuhusu mtoto, kuungama, na kulipa.

Wiki mbili baadaye kijana mmoja asiyemjua kabisa akachukua zile sekunde chache za mwanzo. Ukifungua video yake unaona uso wa mama, unasikia "Mimi pesa za kikundi nilikula," halafu inakatika, anatokea kijana mwenyewe akicheka: "Na hawa ndio mnawapelekea akiba zenu!" Hakuongeza uwongo hata mmoja kwa maneno ya mama. Aliyakata tu. Jumatatu hiyo wanachama wanne walikuja kutaka pesa zao.

JINSI INAVYOFANYA KAZI

Alichotumia kijana yule kinaitwa Stitch. TikTok walikianzisha Septemba 2020. Mtu anafungua video yako, anabonyeza ule mshale wa kusambaza, anachagua Stitch, halafu anachagua kipande kisichozidi sekunde tano. Si lazima kiwe cha mwanzo. Anaweza kukitoa katikati au mwisho. Kipande chako kinatangulia, na yake inafuata.

Kuna kingine kinaitwa Duet. Hicho hakikati. Video yako inacheza upande mmoja wa kioo cha simu, na yake upande wa pili, kwa wakati mmoja. Hiki kina faida yake, na wengi wenu mmekiona: mwalimu wa kwaya anaimba sauti ya tatu, na mwimbaji aliye mbali anaweka sauti ya kwanza kando yake. Lakini pia mtu anaweza kukaa kando ya video yako akikunja uso na kukudharau tangu mwanzo hadi mwisho, na wewe unaendelea kuongea pale kama hujui.

Kwenye Instagram jambo la namna hii linaitwa Remix, nao walilianzisha mwaka 2021. Majina ni mengi lakini swali ni moja: nani ameruhusiwa?

Sasa, jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba ile ruhusa unaitoa wewe, hata kama hukumbuki kuitoa. Akaunti ya mtu mzima iliyo wazi kwa watu wote, kama hukugusa chochote, kwa kawaida imeachwa huru. Kijana yule hakuvunja mlango. Aliukuta wazi.

KOSA TULILOFANYA

Katibu alipoona ile video alishtuka, akafuta ya kwao papo hapo. Hata mimi, aliponipigia, nilimwambia amefanya vizuri. Kumbe tulikuwa tumejiumiza.

Mtu akitumia Stitch au Duet, kinachotoka ni video mpya, na inakaa kwenye akaunti ya aliyeitengeneza. Ukifuta ya kwako, ile yake haifutiki nayo. Na pia, TikTok huandika chini ya video kama hiyo kwamba ni "stitch with" na jina la akaunti ilikotoka. Mtu mwenye busara akibonyeza pale anapelekwa kwenye video ya kwanza, anasikia kisa kizima. Tulipofuta, ile njia ikawa haina mahali pa kufika. Kipande kikabaki peke yake kama ndio ukweli wote.

Kwa hiyo likikupata, usikimbilie kufuta. Fuata utaratibu huu. Kwanza piga picha ya kioo cha simu ikionyesha video ile, jina la akaunti na tarehe, maana inaweza kuondolewa na ukakosa ushahidi. Pili, funga ruhusa kwenye video yako, ili wengine wasichukue tena. Kufunga huko ni kwa wanaokuja. Zilizokwisha kutengenezwa zinabaki. Tatu, mwandikie aliyeitengeneza kwa upole, umwombe aiondoe. Nne, asiposikia, bonyeza Report kwenye video yake, uchague sababu inayofaa, kama vile kumwonea au kumdhalilisha mtu.

Sisi tulipata bahati kwenye hatua ya tatu. Mjumbe mmoja wa vijana alimjua kijana yule, tukaenda tukakaa naye. Hakuwa amesikiliza video mpaka mwisho. Alimwonea mama huruma, akaiondoa mwenyewe. Ilikuwa imekaa siku kumi na moja. Kati ya wale wanachama wanne, watatu walirudi. Mmoja hajarudi mpaka leo.

TOENI SIMU SASA

Fungua TikTok, nenda kwenye Profile, bonyeza vile vistari vitatu juu, halafu Settings and privacy, halafu Privacy. Shuka chini. Kwenye simu nyingine utaona Duet na Stitch kila kimoja peke yake. Kwenye nyingine, kutegemea TikTok uliyo nayo ni mpya kiasi gani, utaona vimewekwa pamoja chini ya Reuse of content. Ukibonyeza unaulizwa nani aruhusiwe. Everyone ni kila mtu. Friends ni wale tu wanaokufuata na wewe unawafuata. Only you ni wewe peke yako, yaani umefunga. Ukiwa hapo tazama pia Downloads, maana aliyepakua video yako hahitaji tena Stitch. Ataikata kwa njia nyingine.

Hiyo ni ya akaunti nzima. Kama ni video moja tu unataka kuifunga, ifungue, bonyeza vile vidoti vitatu, uchague Privacy settings, uzime Duet na Stitch kwa hiyo moja. Kabla ya kuiweka hewani pia unaweza kufanya hivyo, na huo ndio wakati mzuri zaidi.

Shauri langu kwa vikundi ni hili. Video za kwaya, za mafunzo ya kupanda mboga au kushona, ziacheni wazi. Mnataka watu wazitumie. Video ambayo mtu anasimulia maisha yake, deni, ugonjwa au ndoa, ifungwe kabla haijatoka. Na akaunti yako mwenyewe, mama, ambayo ni ya picha za jamaa, unaweza kuifanya Private kabisa. Ikiwa hivyo, Duet na Stitch haziwezekani.

Lakini tusidanganyane. Kufunga kunazuia kitufe tu. Mtu anaweza kurekodi kioo cha simu yake wakati video yako inacheza, na hapo ruhusa zako hazimzuii. Kwa hiyo ile video ya mama tuliirekodi upya, na safari hii tukabadilisha maneno. Sasa anaanza: "Nilichukua pesa za kikundi mtoto akiwa hospitalini, na nimezilipa zote." Jaribu kukata hiyo umdhalilishe mtu. Halafu tuliisikiliza yote, tukijiuliza kila baada ya sekunde tano: kipande hiki kikisimama peke yake kitasema nini? Sehemu mbili tulirekebisha.

WATOTO

Mzazi mmoja aliniuliza asubuhi: mbona wanasema TikTok inalinda watoto? Ni kweli kwa sehemu. Tangu Januari 2021 akaunti ya mwenye miaka 13 hadi 15 huanza ikiwa Private, na video zake haziwezi kufanyiwa Duet wala Stitch na mtu. Kwa wa miaka 16 na 17, iliwekwa ianze na Friends.

Ila mashine inatazama umri wa akaunti, haitazami uso ulio kwenye video. Mtoto aliyeandika kwamba amezaliwa mwaka 1999 anahesabiwa mtu mzima. Na mtoto wa miaka tisa mnayemrekodi akighani shairi, mkamweka kwenye akaunti ya kikundi, hana ulinzi wowote ule, kwa sababu akaunti ni ya mtu mzima. Hapo mlinzi ni wewe unayeiweka.

Tena sheria iko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, na picha ni mojawapo. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa hiyo tunapomwendea mzazi tusimwulize tu, "Tunaweza kumpiga mtoto wako picha?" Tumweleze pia kama wengine wataweza kuitumia, tumwonyeshe kile kitufe kimezimwa.

Hata mtu mzima anastahili kuulizwa hivyo. Yule mama alipokubali kurekodiwa, alikubali kusimulia kisa kizima kwa wanaotaka kujifunza. Hakuna aliyemweleza kwamba mtu mwingine ataweza kuchagua sekunde tano. Hilo lilikuwa kosa letu sisi tuliomrekodi, na ndio maana nimekuja kulisema hapa.

Sasa, ambaye simu yake inaonyesha kitu tofauti na nilivyoeleza, ainue mkono, tuje tuangalie.