Nani Alazwe, na Dawa Ziishe Lini: Maambukizi Makali ya Figo kwa Mtu Mzima



Mhadhara huu umezaliwa na sentensi moja. Katika kikao cha asubuhi cha hospitali moja ya rufaa, daktari mwandamizi ninayemheshimu aliulizwa na interni jinsi ya kumtibu mtu mzima mwenye homa na maumivu ya ubavu. Akajibu bila kuinua macho: “Figo ni figo. Laza, weka dripu, seftriaksoni, siku 14.” Interni akaandika. Nikaangalia meza nzima; kila mtu alikuwa anaandika.

Ugonjwa wenyewe mnaufahamu, kwa hiyo sitaueleza kwa kirefu. Bakteria, mara nyingi E. koli, hupanda kutoka kwenye kibofu hadi figoni. Mgonjwa anapata homa, baridi, kichefuchefu, na ukimgonga taratibu kwa ngumi chini ya mbavu za nyuma anaruka. Mnajua pia vinavyojifanya ugonjwa huu: kidole tumbo, maambukizi ya fupanyonga, nimonia ya chini ya pafu. Na mnajua kwamba kwetu homa yoyote huitwa malaria kwanza. Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wa homa waliolazwa walipewa jina la malaria, na waliokuwa nayo kweli hawakufika wawili katika kila mia. Hayo tuyaache. Ninachotaka kukivunja usiku huu ni ile sentensi.

Sentensi hiyo ina madai mawili yaliyofungwa pamoja: kwamba kila figo iliyoambukizwa inahitaji kitanda, na kwamba kila figo inahitaji wiki mbili. Nianze na la pili, kwa sababu ndilo linaloaminiwa zaidi na ndilo lenye ushahidi dhaifu zaidi.

Naomba mnivumilie nikae kidogo na utafiti mmoja ninaoupenda kupita kiasi. Wanafunzi wangu hunicheka kwa hilo. Ni wa Wasweden, Sandberg na wenzake, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2012. Waliwachukua wanawake watu wazima wenye homa na dalili za figo, wakawapa wote siprofloksasini miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa wiki moja. Wiki ya pili ndipo kura ilipoamua: nusu waliendelea na dawa, nusu walipewa vidonge visivyo na dawa ndani, na si mgonjwa wala daktari aliyejua nani kapewa nini. Uzuri wa mpangilio huo ni kwamba unauliza swali letu hasa: wiki ya pili inaongeza nini? Kati ya wanawake 73 waliotibiwa siku 7, walipona 71. Kati ya 83 waliotibiwa siku 14, walipona 80. Wengine walikuwa wazee, wengine walikuwa na bakteria hadi kwenye damu. Kilichoonekana wazi kuongezwa na wiki ya pili ni fangasi: wanawake watano wa kundi la siku 14, na hakuna hata mmoja wa kundi la siku 7.

Mwenzangu wa kikao kile atasema: hao ni Wasweden, bakteria wao ni wapole. Ni kweli, na hapo ndipo hoja yake inapojikata yenyewe. Tazameni utafiti wa Talan na wenzake wa Marekani, mwaka 2000. Kundi moja la wanawake lilipewa siprofloksasini siku 7, lingine kotrimoksazoli, ile septrini yetu, siku 14. Siku 7 zikazishinda siku 14: waliopona walikuwa 96 kwa mia dhidi ya 83. Sababu haikuwa kalenda. Karibu bakteria 18 katika kila 100 walikuwa sugu kwa septrini, na hakuna aliyekuwa sugu kwa siprofloksasini. Dawa ambayo bakteria haiogopi haipati makali kwa kurefushwa. Na upande wa pili upo pia: Wasweden wengine, mwaka 1988, walijaribu wiki moja dhidi ya tatu kwa dawa za jamii ya penisilini, na wiki moja ikafanya vibaya. Kwa hiyo ninachoshikilia ni hiki: siku ni za dawa, si za figo. Florokwinoloni kwa bakteria asiye sugu, siku 7. Septrini, ikiwa maabara imethibitisha inafaa, miongozo kadhaa imeipa 14. Vidonge vya jamii ya penisilini na sefalosporini hupewa 7 hadi 10, nami kwa mwanamke anayepona vizuri sipiti hapo.

“Na kama bakteria yumo kwenye damu?” Hili ndilo kimbilio la mwisho la siku 14. Jaribio kubwa liitwalo BALANCE, lililotangazwa mwaka 2024, liliwachukua wagonjwa zaidi ya 3,600 wenye bakteria damuni, chanzo kikubwa kikiwa njia ya mkojo. Baada ya siku 90 walikuwa wamefariki 14.5 kwa mia ya waliotibiwa siku 7, na 16.1 kwa mia ya waliotibiwa siku 14. Kimbilio limefungwa.

Haki nimpe mwenzangu pale anapoistahili, nayo ni kwa wanaume. Wafaransa walilinganisha siku 7 na 14 za ofloksasini kwa wanaume wenye maambukizi ya mkojo yenye homa, wakachapisha mwaka 2023: waliofanikiwa walikuwa karibu 56 kwa mia kwa wiki moja, na 78 kwa wiki mbili. Tofauti hiyo haifichiki. Mwanaume mwenye homa mara nyingi ana maambukizi ya tezi dume pia, na dawa huingia huko kwa shida. Mwanaume apewe siku 14. Mkiniuliza kwa nini sentensi ya kikao ilinikera, ni kwa sababu ilimchukua mwanaume huyo ikamfanya kipimo cha kila mwanamke wa Mbagala.

Sasa kitanda. Nilipokuwa interni kulikuwa na muuguzi wa wodi ya wanawake, sista mkali, ambaye kwenye chati ya joto alichora mstari wa kalamu nyekundu pale dozi ya kwanza ilipotolewa. Si saa ya kulazwa, si saa ya daktari kupita. Daktari aliyetaka kubadili dawa alionyeshwa mstari ule kwanza: “Hesabu kuanzia hapa, daktari.” Niliuelewa mstari wake baadaye niliposoma uchunguzi wa mwaka 1996 wa wagonjwa wa figo waliolazwa. Nusu yao homa ilishuka ndani ya saa 34, lakini robo walikuwa bado na homa saa 48 baada ya kuanza dawa, na 13 kwa mia saa 72. Homa ya usiku wa pili si kushindwa kwa dawa. Wengi wanaokaa wodini wamekaa kwa sababu ya homa hiyo tu.

Chukueni mgonjwa huyu, nimemtunga kutokana na wengi. Mama lishe wa miaka 34, homa tangu jana, nyuzi 39.1, ubavu wa kulia unauma, ametapika mara moja. Mapigo 112, presha 108 kwa 68, anazungumza vizuri. Kipimo cha malaria hasi, cha mimba hasi. Mkojo una naitraiti na chembe nyeupe. Kabla ya dawa yoyote mkojo wa katikati unachukuliwa kwenda kuoteshwa. Kisha seftriaksoni gramu 1 ya mshipa, parasetamoli, maji. Anakaa kwenye benchi la uangalizi saa sita. Mapigo yanashuka hadi 94, anakunywa uji na haurudi, ana simu, na dada yake anaishi naye. Huyu anaenda nyumbani. Kesho anarudi kwa sindano ya pili, kwa sababu mjini kwetu E. koli sugu ni wengi mno kumkabidhi siprofloksasini kwa imani tu. Utafiti wa HATUA uliofanyika Kenya, Tanzania na Uganda ulikuta takriban nusu ya bakteria wa mkojo wakiwa sugu kwa dawa za makundi kadhaa. Usiku wa pili ana 38.3. Hatuguswi. Siku ya tatu homa imekwisha na maabara inajibu: E. koli, sugu kwa septrini, si sugu kwa siprofloksasini. Anahamia kwenye vidonge, na siku ya 7, zikihesabiwa pamoja na sindano, anamaliza. Mombelli na wenzake huko Uswisi walikwisha kuonyesha mwaka 1999 kwamba siprofloksasini ya kumeza haikuzidiwa na ya mshipa, hata kwa waliolazwa, ilimradi hawakuwa katika mshtuko wala hawakuwa na kizuizi cha mkojo.

Badilisheni jambo moja tu na uamuzi unageuka. Akiwa mjamzito, alazwe. Presha ikiwa chini ya 90, au akichanganyikiwa, alazwe na asingoje kitanda kupata dozi. Akitapika kila anachomeza, akiwa na figo moja, au akiwa na kisukari kisichodhibitiwa, alazwe. Akitoka kijiji ambacho kurudi kesho ni safari ya siku nzima, alazwe pia. Hilo nalo ni sababu ya kitabibu, wala interni asione haya kuliandika.

Kuna anayepaswa kutuogopesha kuliko wote, na siku 14 hazimsaidii: mwenye jiwe lililoziba mrija. Usaha uko nyuma ya jiwe, dawa haifiki, na anaweza kuingia mshtuko usiku huohuo. Kutibiwa kwake ni kufunguliwa njia, kwa mrija wa ndani au wa kupitia ubavuni. Waholanzi, van Nieuwkoop na wenzake, mwaka 2010 walitoa kanuni rahisi ya nani apigwe picha mapema: aliyewahi kuwa na mawe, mkojo wenye pH ya 7 au zaidi, au uchujaji wa figo ulioshuka hadi 40 au chini. Mkojo wenye pH ya juu unasomeka kwenye kijiti kilekile tulichokwisha kukitumia, na bado hatusomi mstari huo. Nami naongeza wa nne: yeyote ambaye homa yake haijashuka saa 72 baada ya mstari mwekundu apigwe altrasaundi siku hiyohiyo, kabla ya kubadilishiwa dawa. Mkojo wake ukiwa na chembe nyeupe na hauoti kitu, fikirini kifua kikuu kabla ya kumpa florokwinoloni, maana dawa hiyo huificha TB bila kuiponya.

Mwenzangu huyo yumo ukumbini, na najua atasema kwamba mgonjwa akiacha dawa mapema tunazalisha usugu. Kinachozalisha usugu ni bakteria wengi wa mwilini kuoshwa na dawa siku nyingi bila sababu, na wiki ya pili isiyo na kazi ni sehemu ya kuoshwa huko. Mgonjwa amalize dozi, naam, lakini dozi iliyopangwa sawasawa.

Kwa interni watakaokuwa zamu usiku huu, ombi langu ni dogo: mkojo uende maabara kabla ya sindano, saa ya dozi ya kwanza iandikwe kwa kalamu nyekundu, na tarehe ya mwisho wa dawa iwe kwenye faili kabla mgonjwa hajatoka chumba cha mapokezi.