Ngiri ya Kiwambo: Maradhi Tuliyoambiwa Hatuna



Mwaka 1973 Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia 1946 hadi 1966, alichapisha makala katika jarida la Lancet pamoja na P. A. James. Hoja yao ilikuwa fupi. Ngiri ya kiwambo ni nadra kwa Waafrika kwa sababu chakula chetu kina nyuzinyuzi nyingi. Asiyekula nyuzinyuzi hupata choo kigumu, hujikamua, presha ya fumbatio hupanda, na presha hiyo husukuma tumbo lipite kwenye tundu la kiwambo hadi kifuani.

Nimeombwa nizungumzie aina za ngiri hii, uhusiano wake na kiungulia, na wakati wa kupasua. Lakini siwezi kufika huko kabla ya kushughulika na hoja hiyo, maana mpaka leo ndiyo inayoamua nani apimwe na nani arudishwe nyumbani na vidonge.

Tuanze na ushahidi. Burkitt alikusanya taarifa kutoka hospitali nyingi akiwauliza madaktari walichokiona. Sasa, ngiri inayoteleza haionekani kwa kuitazama tu. Mgonjwa akisimama, tumbo hushuka lenyewe mahali pake. Ukitaka kuiona kwa bariamu, mlaze kichwa kikiwa chini kuliko miguu, mwambie ajikaze huku akimeza, kisha umpige picha papo hapo. Palipo na mashine moja na foleni ndefu, bariamu huagizwa kwa ajili ya kidonda cha tumbo au kwa asiyeweza kumeza. Picha hupigwa amesimama, jibu la swali lililoulizwa hupatikana, na mgonjwa hushuka mezani. Katika hali hiyo, kutoiona ngiri hakuthibitishi kwamba haipo.

Kisha kuna umri. Utando unaoufunga umio kwenye kiwambo hulegea kadiri mtu anavyozeeka. Zaidi ya nusu ya Waganda hawajafika miaka 20. Ukilinganisha wodi zetu na wodi za Uingereza bila kuzingatia jambo hilo, unalinganisha wajukuu na babu zao, halafu unayasifu matoke.

Na presha yenyewe? Nakubali kwamba inasukuma. Lakini ujauzito nao unasukuma, na unene vilevile. Mama aliyezaa mara nane na kubeba madumu ya maji tangu utotoni hakukosa presha ya fumbatio. Burkitt aliona mlango mmoja akadhani nyumba nzima ina mlango huo tu. Ninamheshimu kwa kazi yake ya limfoma. Hili la ngiri, ushahidi wake hauwezi kulibeba.

Aina mnazijua, nitapita haraka. Ya kwanza ni ya kuteleza: makutano ya umio na tumbo hupanda juu ya kiwambo, hizi ni zaidi ya asilimia 95. Katika ya pili makutano hubaki mahali pake, lakini sehemu ya juu ya tumbo hupenya kando ya umio. Ya tatu huchanganya hizo mbili. Katika ya nne, utumbo au kiungo kingine hufuata tumbo kifuani.

Kwenye uhusiano na kiungulia lazima tusimame kwa Philip Allison, na mtanisamehe nikikaa hapo, maana makala yake ya 1951 nawapa wanafunzi wangu wote waisome. Kabla yake, wapasuaji wengi waliona hatari kuwa ni tumbo kukaa kifuani. Allison alisema hapana, kinachomuumiza mgonjwa ni asidi inayopanda na kuunguza umio. Leo tunaeleza hivi: msuli wa mwisho wa umio na misuli ya kiwambo hubana mahali pamoja. Ngiri ya kuteleza huzitenganisha nguvu hizo mbili, na asidi hukaa ndani ya ngiri ikisubiri msuli ulegee. Hata hivyo wapo wengi wenye ngiri wasio na kiungulia, na wenye kiungulia wasio na ngiri.

Allison alirudisha tumbo chini na kushona tundu, basi. Kisha akafanya jambo ambalo wapasuaji wachache hulifanya: akawafuatilia wagonjwa wake kwa miaka 20 na kuchapisha matokeo yote. Karibu nusu yao tatizo lilikuwa limerudi. Makala hiyo nayo ilitoka 1973. Mwaka uleule Burkitt alitegemea macho ya wengine, na Allison akaikagua mikono yake mwenyewe. Kushona tundu peke yake hakutoshi. Ndiyo maana tunaongeza mbinu aliyoichapisha Rudolf Nissen mwaka 1956, ya kuuzungushia umio sehemu ya juu ya tumbo ili iwe vali.

Nani basi apasuliwe? Mwenye ngiri ya kuteleza asiye na dalili, mwache. Mwenye kiungulia aanze na dawa za kuzuia asidi. Fikiria fandoplikesheni kama chakula kinaendelea kupanda na kumpalia usiku licha ya dawa, au hawezi kuzimeza maisha yote, lakini kwanza thibitisha kwamba ni asidi: vidonda dhahiri kwenye endoskopia, au kipimo cha asidi cha saa 24. Pima pia kama umio unasukuma chakula. Mwenye akalasia naye hulalamika kifua kinaungua. Ukimfunga vali, hatameza kitu.

Aina ya pili hadi ya nne zina hesabu nyingine. Nilimpokea bibi mmoja wa miaka 68, tukimwita Jajja kama ilivyo desturi hapa. Hemoglobini yake ilikuwa gramu 6.1. Kwingineko alikuwa ameongezwa damu mara mbili, akapewa dawa za minyoo, kisha za kifua kikuu kwa sababu eksirei ilionyesha duara lenye hewa na maji nyuma ya moyo. Alishiba kwa vijiko vitatu vya uji. Hakuna aliyemuuliza kuhusu chakula.

Tulimpa bariamu. Theluthi mbili za tumbo zilikuwa kifuani, zimepinduka: aina ya tatu. Endoskopia ilionyesha michubuko mirefu pale kiwambo kinapolibana tumbo, iitwayo vidonda vya Cameron, na huko ndiko damu ilikovuja kidogo kidogo. Tulimpasua. Tuliuvuta mfuko wote wa ngiri kutoka kifuani, tukaulegeza umio mpaka sentimita tatu zikakaa ndani ya fumbatio bila kuvutwa, tukashona misuli ya kiwambo nyuma ya umio kwa uzi usioyeyuka, tukamzungushia vali fupi ya sentimita mbili, iliyolegea. Vali ndefu au ya kubana humzuia mgonjwa kumeza na kucheua. Miezi sita baadaye hemoglobini ilikuwa 11.8. Baada ya mwaka bariamu ilionyesha ngiri ndogo imerudi. Hana dalili, nasi hatumgusi. Ngiri kubwa hurudi mara nyingi kwenye picha bila kumsumbua mwenyewe.

Mzee asiye na dalili anaweza kuangaliwa tu. Kwa makadirio yaliyochapishwa 2002, hatari ya kuhitaji upasuaji wa dharura ni takriban mmoja kwa mia kila mwaka. Lakini maumivu ya chembe, kujaribu kutapika bila kutoa kitu, na mpira wa puani usiofika tumboni, ni tumbo limejisokota. Huyo hasubiri asubuhi.

Wenzangu huniambia bariamu imepitwa na wakati, endoskopia inatosha. Nimewasikiliza, nimepima hoja zao, na bado nasema: endoskopia huonyesha kidonda, bariamu huonyesha tumbo limekaa wapi. Kwa hiyo naiomba idara yetu iandike kanuni mbili. Hakuna atakayezungushiwa vali kabla ya kunywa bariamu akiwa amelala. Na kila mwenye zaidi ya miaka 50 aliyepungukiwa damu bila sababu kujulikana, ambaye eksirei yake ina duara nyuma ya moyo, anywe bariamu kabla ya kupewa dawa za kifua kikuu, isipokuwa makohozi yake yameonyesha vijidudu vya ugonjwa huo.