Hatimiliki na matuta ya fanya juu

Tuta la fanya juu huchimbwa kwa jembe mlimani: udongo wa mtaro hurushwa upande wa juu, na ngazi hujitengeneza taratibu, mvua baada ya mvua. Gharama hulipwa mwaka wa kwanza, faida huja misimu kadhaa baadaye. Mpangaji aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hana sababu ya kuchimba tuta, hata akijua fika kwamba udongo unakwenda mtoni. Kupanda miti, aghalabu, mwenye shamba mwenyewe humkataza, kwa kuwa kimila mti ni dai la umiliki.

Kwa mmiliki, hati inaweza kubadilisha hesabu hiyo. Rwanda ilisajili vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10, hasa kati ya 2009 na 2013. Utafiti katika maeneo ya majaribio ulionyesha kaya zilizosajiliwa ardhi zikiongeza kazi ya kuhifadhi udongo, na ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kwa kaya zinazoongozwa na wanawake, ambao hofu yao ya kunyang'anywa ilikuwa ya kweli. Lakini hati humlinda mwenye jina. Mpangaji anahitaji mkataba wa miaka kadhaa, wenye fidia ya matuta atakayoyaacha.