Kutambua Picha ya Skrini, Picha Iliyohaririwa na Picha ya Akili Unde

Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wakazi wa kata



Chukulieni mfano wa picha inayosambaa kwenye simu wakati wa masika, ikionyesha daraja la njia iendayo zahanati likiwa limekatika katikati. Anayeiamini atampitisha mgonjwa wake njia ndefu ya kuzunguka. Anayeipuuza, ilhali ni ya kweli, atamfikisha mgonjwa mtoni usiku na kukuta hakuna pa kuvukia. Kwa hiyo picha hiyo yafaa ikaguliwe kwa utaratibu, kuanzia kwenye kingo zake hadi ndani.

Kingo ndizo huonyesha kama ni picha ya skrini, yaani picha iliyochukuliwa kutoka kwenye kioo cha simu. Juu kabisa huonekana saa ya simu, alama ya mtandao na kiasi cha chaji. Chini huonekana vitufe au sehemu ya kuandika jibu. Picha ya daraja ina alama hizo zote. Maana yake ni kwamba aliyeituma aliikuta kwenye simu yake, na yumkini hakuwapo mtoni. Saa inayoonekana pale juu ni ya wakati alipoinasa kutoka kwenye kioo. Haisemi daraja lilipigwa picha lini. Mtu akizikata kingo hizo, dalili hizo hutoweka. Hata hivyo, picha ya skrini ni kama bahasha tu. Ndani yake yaweza kuwamo picha halisi, iliyohaririwa, au iliyotengenezwa na akili unde.

Hatua ya pili ni kutafuta alama za kuhaririwa. Mhariri huanza na picha halisi, kisha hubadili sehemu fulani. Kwa hiyo kosa lake hukaa mahali palipounganishwa. Mnamo Machi 2024, mashirika makubwa ya habari yaliiondoa picha ya familia ya Binti Mfalme wa Wales, Uingereza, baada ya kubainika kwamba ncha ya mkono wa sweta la mtoto wake wa kike haikuungana sawasawa. Mwenyewe alikiri kuwa aliihariri. Katika picha ya daraja, mtazamaji akiikuza ataona tawi moja linaloelea likijirudia mahali pawili, pamoja na povu lile lile pembeni yake. Maji ya mto hayazai mapacha wa namna hiyo. Kipande cha maji kimenakiliwa na kubandikwa ili kufunika barabara. Tena, kivuli cha nguzo za daraja kinaelekea kushoto, ilhali kivuli cha watu waliosimama jirani kinaelekea kulia. Jua ni moja. Vivuli vya mahali pamoja haviwezi kupishana hivyo.

Hatua ya tatu ni kuuliza kama picha yote imebuniwa. Picha ya akili unde haina mshono, kwa kuwa haikuunganishwa. Kasoro zake huwa katika namna vitu vinavyoshikana. Mwezi Machi 2023 ilienea picha ya Papa Fransisko akiwa amevaa koti jeupe la baridi lililotuna. Vidole vyake havikukishika kikombe sawasawa, mnyororo wa msalaba ulionekana upande mmoja tu wa kifua, na ukingo wa miwani uliyeyuka ndani ya kivuli chake. Katika picha ya daraja, herufi za kibao zinasomeka na kila nguzo inafika chini. Basi, kwa dalili hizi, hiyo ni picha halisi iliyohaririwa, kisha ikanaswa kutoka kwenye skrini.

Hukumu hiyo ina mipaka yake. Dalili zikionekana, zinatosha kumfanya mtu asiisambaze picha. Zisipoonekana, hazithibitishi kwamba picha ni ya kweli. Mitambo ya sasa huchora vidole na herufi vizuri kuliko ile ya 2023. Isitoshe, picha ikitumwa mara nyingi hufifia, na ukungu huo huficha mshono na pia huweza kuipa picha halisi sura ya kughushi.

Kwa sababu hiyo aliyeituma aulizwe aliipata kwa nani, hadi afikiwe aliyepiga picha yenyewe. Huyo aombwe faili halisi, alitume WhatsApp kama hati, si kama picha ya kawaida. Kwa njia ya kawaida, tarehe na taarifa za kamera hufutwa. Akikosekana, aulizwe mkazi wa kando ya mto au mwenyekiti wa kitongoji, ambaye macho yake yanaliona daraja lenyewe. Picha iliyohaririwa haithibitishi kwamba daraja ni zima. Huenda nalo limedhurika. Inathibitisha tu kwamba picha hiyo haiwezi kuwa shahidi.