Mlo wa Saa Nane Usiku: Kortisoli, Njaa na Sukari ya Damu kwa Wafanyakazi wa Zamu



Kuna kauli inayonikera, nami nimeisikia hata kwa madaktari: wauguzi na walinzi wa zamu ya usiku wananenepa na kupata kisukari kwa ulafi tu. Wakila kwa kiasi, tunaambiwa, hakuna usiku wala mchana. Sukari ni sukari. Leo nitaivunja kauli hiyo.

Kwamba kortisoli hupanda alfajiri, hufika kileleni karibu na wakati wa kuamka, na hushuka chini kabisa usiku wa manane, nalichukulia kuwa linajulikana. Nakimbilia jaribio nilipendalo kuliko yote, la Frank Scheer na wenzake wa Boston, lililochapishwa 2009.

Walichukua watu wazima 10, wakawafungia maabara kwenye mwanga hafifu, wakawapa siku ya saa 28 badala ya 24. Saa ya ndani ya mwili haiwezi kuifuata siku ndefu hivyo; huendelea na saa zake 24, kwa hiyo kila siku usingizi na milo vilisogea saa nne mbele. Siku tatu zikipita mtu amegeuka kabisa: anafungua kinywa wakati mwili wake unajiandaa kulala. Chakula kilipimwa, na hakuna aliyeongezewa hata kipande cha mkate. Huo ulafi uko wapi?

Walipogeuzwa hivyo, sukari yao ya damu ilipanda kwa asilimia 6. Hiyo inaonekana ndogo, lakini tazameni insulini: nayo ilipanda kwa asilimia 22. Kongosho lilikuwa likifanya kazi ya ziada, na bado sukari haikushuka, maana yake mwili ulikuwa umeanza kuikaidi insulini. Kati ya watu 8 waliokuwa na vipimo vya kutosha, 3 walifikia viwango vya mtu anayeelekea kwenye kisukari. Leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba tumeshiba, ilishuka kwa asilimia 17. Basi hata huyo anayeitwa mlafi huenda anaitikia njaa iliyotengenezwa na ratiba ya kazi. Kortisoli nayo ikawa kichwa chini miguu juu: nyingi wakati wa kulala, chache wakati wa kuamka.

Mpinzani wangu atasema, na ana haki, kwamba watu 10 kwa siku chache si muuguzi wa miaka ishirini. Atasema pia kwamba kortisoli ilipinduka pamoja na mambo mengine mengi, melatonini ikiwemo, ambayo nayo huathiri utoaji wa insulini. Yote kweli. Lakini mwaka 1999, Plat, Leproult, Van Cauter na wenzao waliwazimia wanaume wenye afya kortisoli yao wenyewe kwa dawa, kisha wakawapa haidrokotisoni miligramu 50, mara saa kumi na moja alfajiri, mara saa kumi na moja jioni. Kipimo ni kilekile, homoni ni ileile, lakini iliyotolewa jioni ilivuruga sukari zaidi. Kwa hiyo mniwie radhi: mimi bado naishika kortisoli kuwa mtuhumiwa mkuu. Huliamuru ini litoe sukari na kuizuia misuli isiipokee. Alfajiri amri hiyo ina faida. Ikija wakati mwili hauitarajii, ni hasara.

Dada yangu ni muuguzi. Saa nane usiku, wodi ikitulia, hufungua chupa ya chai ya maziwa yenye sukari na mandazi mawili, kisha asubuhi hulala saa nne za mang'amung'amu, watoto wa jirani wakipiga kelele dirishani. Nikimwambia avumilie mwili utazoea, hucheka. Ana haki ya kucheka: siku ya mapumziko hurudi kwenye mchana wa familia, jua humpiga akienda nyumbani, na saa yake ya ndani haipati nafasi ya kugeuka.

Tufanye nini na chupa ile? Sarah Chellappa na wenzake, 2021, waliwaiga wafanyakazi wa usiku kwa vijana 19 wenye afya. Waliokula usiku, sukari yao ilipanda kwa asilimia 6.4; waliokesha vilevile lakini wakala mchana tu, haikupanda. Kwa hiyo natetea mlo mkuu uliwe kabla ya kuingia zamu, na katikati ya usiku yatumike maji, chai isiyo na sukari, au kitu kidogo tu kwa anayezidiwa na njaa. Kantini za hospitali zinazopakua wali saa saba usiku zibadilishe saa za kupakua. Nawatoa kwenye ushauri huu wanaotumia insulini au vidonge vya glibenklamidi: kwao kuacha mlo ghafla kunaweza kushusha sukari kwa hatari, na ratiba yao ipangwe kwanza na daktari, pamoja na kipimo cha dawa.