Safari ya Tonge la Ugali: Somo la Kuwafundisha Watoto wa Shule

(Mazungumzo yaliyosemwa mbele ya walimu na wazee wa Ipagala, Dodoma)



Tumetakiwa kueleza jinsi somo la chakula tumboni linavyoweza kufundishwa katika shule isiyo na vyombo vingi. Watoto wengi hukariri majina haya: kinywa, umio, tumbo, utumbo, ini. Wakiulizwa tonge walilokula asubuhi limekwenda wapi, hunyamaza. Kwa hiyo sisi tumelipanga somo hili kwa vipindi vinne, tukifuata mlo mmoja tu ambao kila mtoto wa huku anaujua, yaani ugali wa uwele kwa mlenda uliotiwa karanga. Ugali una wanga. Karanga zina mafuta na protini, ambayo ndiyo ijengayo mwili. Mlenda una nyuzinyuzi za majani. Katika kila kituo mwalimu na aulize maswali mawili: Hapa chakula kimetendwa nini? Nasi tumejuaje?

Kipindi cha kwanza ni kinywa. Kila mtoto apewe kipande kidogo cha ugali mkavu, akitafune pasipo kumeza mpaka mwalimu ahesabu mia. Wataanza kusema kwamba ugali umekuwa mtamu kidogo. Utamu huo haukutoka katika ugali wenyewe. Umetokana na kazi ya mate, kwa maana ndani ya mate mna kitu kiitwacho kimeng'enya, ambacho huukata wanga kuwa sukari.

Baada ya kuonja, yafaa watoto waone kwa macho. Mwalimu achemshe nusu kijiko cha chai cha unga wa muhogo katika kikombe kimoja cha maji, kisha uji huo uachwe upoe kabisa. Tumechagua muhogo kwa kuwa ni mweupe, na rangi itaonekana vema. Unga wa uwele ni wa kijivu na utawachanganya watoto. Achukue chupa tatu ndogo. Ya kwanza aitie kijiko cha maji, ya pili kijiko cha mate ya mtoto mmoja, na ya tatu kijiko cha mate ya mtoto huyo huyo pamoja na kijiko cha siki. Kisha kila chupa aitie vijiko viwili vya uji. Watoto wazishike viganjani zipate joto la mwili kwa muda wa dakika 15, ndipo kila moja itiwe matone mawili ya iodini, ile dawa ya vidonda ya rangi ya kahawia. Penye wanga iodini hugeuka bluu nzito karibu na nyeusi. Chupa ya maji itakuwa bluu. Ya mate itabaki na rangi ya kahawia, kwa kuwa wanga umekwisha kukatwa. Ya mate na siki itakuwa bluu pia, kwa sababu ukali wa siki umeizuia kazi ya mate. Chupa hii ya tatu ndiyo itakayotupeleka kituo cha pili, maana tumboni nako mna maji makali.

Jaribio hili huharibika kwa mambo matatu. Uji ukiwa wa moto, huua nguvu ya mate. Unga ukizidi, mate hayatoshi kuumaliza, na bluu haitoki. Tena mwalimu asitumie ndimu badala ya siki, kwa kuwa vitamini iliyomo ndani ya ndimu huiondoa rangi ya iodini yenyewe, na watoto watadhani kwamba wanga umekwisha hali ungalipo. Jaribio likiisha, kila kilichotiwa iodini kimwagwe, mtoto asionje.

Kipindi cha pili ni tumbo. Tonge likimezwa, kifuniko kidogo huziba njia ya pumzi, na umio hulisukuma chini kwa kubana nyuma yake, kama mtu akamuapo utumbo wa mbuzi ili autoe uchafu. Kwa hiyo mtu aweza kumeza hata akiwa amelala. Tumboni hukaa kwa muda wa saa mbili hata nne, likisukwa na kuchanganywa na maji makali yaanzayo kuvunja protini ya karanga. Mtoto aliyepata kutapika anaujua ukali huo kooni mwake.

Watoto watauliza ni nani aliyechungulia tumbo la mtu aliye hai. Jibu lake ni hadithi ya kweli. Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Amerika, kijana mmoja jina lake Alexis St. Martin alipigwa risasi ya bunduki kwa ajali. Akapona, lakini kidonda kiliacha tundu ubavuni lililoingia mpaka tumboni. Daktari wake, William Beaumont, tangu mwaka 1825 alifunga vipande vya nyama na mkate katika uzi, akavitia kwa tundu lile, akavitoa baada ya saa kadhaa ili atazame vilivyopungua. Tena aliyateka maji ya tumboni, akayatia nyama ndani ya chupa yenye joto, akaona nyama inalainika na kuyeyuka nje ya mwili. Ndipo watu walipopata ushahidi zaidi kwamba tumbo halisagi tu kama jiwe la kusagia, bali lina maji yanayoyeyusha.

Hapa twawaonya walimu jambo moja. Msilete tumbo la mbuzi mkasema kwamba la mtu ni hivyo hivyo. Mbuzi hucheua, tumbo lake lina vyumba vinne, na la mtu lina chumba kimoja.

Kipindi cha tatu ni utumbo mwembamba. Mwalimu apime kamba ya mita 6, watoto waishike mkono kwa mkono uwanjani, kisha waikunje mpaka iingie ndani ya kibuyu. Hapo wataelewa kwa nini utumbo umejikunja ndani ya fumbatio dogo. Sehemu kubwa ya kazi hufanyika humu. Kongosho huleta maji ya kuvunja wanga, protini na mafuta, na ini huleta nyongo.

Kuhusu nyongo, watoto wanajua jambo moja tu: mchinjaji akiipasua, nyama huharibika kwa uchungu. Hata mambo yakiharibika twasema yametumbukia nyongo. Yafaa waone kazi yake. Mwalimu apate kifuko cha nyongo buchani, yeye mwenyewe akikate na kunawa kwa sabuni. Atie maji na matone machache ya mafuta ya karanga katika chupa mbili, na moja aitie kijiko cha nyongo. Zote mbili zitikiswe sana, kisha ziwekwe chini. Katika chupa isiyo na nyongo mafuta hupanda juu mara moja. Katika ile nyingine hubaki yamegawanyika vipande vidogo sana, na maji huwa na ukungu. Vivyo hivyo ndivyo nyongo ifanyavyo utumboni, ili vimeng'enya viyafikie mafuta. Asiyepata nyongo atumie sabuni.

Ukuta wa utumbo una vinyweleo vidogo visivyohesabika, kama kitambaa cha taulo. Ukitandazwa wote, hufika kama mita za mraba 30, yaani sakafu ya chumba cha mita 6 kwa 5. Hapo sukari na protini iliyovunjwa huingia katika damu, na mafuta mengi hufuata mishipa mingine. Nyuzinyuzi za mlenda hazivunjwi. Huendelea mpaka utumbo mpana, ambako maji hunyonywa, na mabaki hutoka.

Kipindi cha nne ni ini, na hapa tunawaomba mtusikilize zaidi, kwa maana katika vitabu vingi somo huishia chooni. Damu iliyotoka utumboni haiendi moja kwa moja moyoni. Hupita kwanza katika ini, lililo upande wa kuume chini ya mbavu, na kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Ini huiweka sukari akiba, na usiku mtoto alalapo pasipo kula huitoa kidogo kidogo. Tena ndilo bawabu: huzipokea sumu zilizoliwa, likazibadili ili zitoke mwilini. Bawabu huyu hupigwa wa kwanza adui akiingia.

Mfano wake umetokea hapa kwetu. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliokula mahindi yenye kuvu waliugua: walitapika, matumbo yakauma na kuvimba, macho yakawa ya manjano. Wachunguzi walihesabu wagonjwa 68, na 20 kati yao walikufa. Sumu hiyo huitwa sumukuvu. Huzaliwa na kuvu ya mahindi na karanga, tangu shambani penye ukame na hata ghalani penye unyevu. Kupika hakuimalizi. Nalo ini likijaribu kuibadili, kinachozaliwa njiani huwa kikali kuliko sumu yenyewe, nacho huliumiza ini lile lile. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, yaweza kuleta saratani ya ini.

Kwa hiyo kazi ya mwisho ya kipindi hiki ni ya mikono. Watoto walete punje za mahindi kutoka nyumbani. Chupa kavu ya kioo ijazwe punje mpaka theluthi, itiwe vijiko viwili vya chumvi kavu, ifungwe, itikiswe dakika moja, kisha iachwe dakika 15. Chumvi ikigandamana na kioo, nafaka hiyo ina unyevu, haifai kutiwa ghalani. Na ianikwe tena juu ya turubai au mkeka, isianikwe juu ya udongo. Chumvi ikianguka chini yote, nafaka ni kavu. Lakini watoto waambiwe wazi kwamba chumvi hupima unyevu, haipimi sumu. Punje kavu yaweza kuwa ilipata sumu tangu shambani, wala sumu hiyo haionekani kwa jicho wala haina ladha. Kuzichagua punje zilizooza, zilizotobolewa na zenye rangi ya kijani au nyeusi, pamoja na kukoboa, hupunguza hatari, hakuiondoi yote. Zilizotupwa zisipewe kuku wala ng'ombe, kwa maana sumu huwadhuru, na kwa ng'ombe huingia hata katika maziwa. Wala zisitengenezwe pombe.

Macho ya manjano yana sababu nyingi, nasi si waganga. Mtoto akionekana hivyo, na apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, na wenye kumpeleka wachukue kiasi cha nafaka waliyokuwa wakila, ipate kupimwa.

Mwisho wa vipindi vyote mwalimu asiulize majina ya viungo. Aulize hivi: Kwa nini mate hayaendelei na kazi yake tumboni? Mafuta ya karanga yangekuwaje pasipo nyongo? Kwa nini sumu iliyoliwa huumiza ini kabla ya moyo? Atakayejibu matatu haya amelifuata tonge lake mpaka mwisho. Swali la nne atalijibu nyumbani, akisimama na mama yake mbele ya kihenge: Mahindi haya yalianikwa wapi, na kwa siku ngapi?