Kujaza Muhtasari: Penye Maneno ya Kuchagua na Pasipo Nayo

Leo tutajaza muhtasari wenye nafasi. Mara nyingine mwulizaji hutoa orodha ya maneno ya kuchagua. Mara nyingine hatoi. Kazi hizi zafanana kwa sura, lakini kila moja yataka njia yake.

Sikilizeni kwanza habari yenyewe. Mwalimu ameiandika ubaoni; ifuateni kwa macho.

"Mnyauko wa migomba huletwa na bakteria. Wadudu wanaofuata utamu wa ua dume la mgomba huwabeba bakteria hao mgomba hata mgomba. Panga lililokata mgomba mgonjwa, likikata mzima bila kusafishwa, huupeleka ugonjwa vile vile. Majani hugeuka njano na kunyauka, na ndizi huiva kabla ya wakati wake. Mkulima aliondoe ua dume kwa mti wenye panda mara chane la mwisho linapotokea. Panga alipitishe motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine."

Sasa muhtasari wa kwanza, wenye orodha:

"Ugonjwa husambazwa na wadudu, na pia na (1) ____ visivyosafishwa. Ndizi huiva (2) ____. Mkulima akipitishe chombo chake cha kukatia katika (3) ____ kali."

Orodha ni hii: panga, maji, mapema, vifaa, joto, polepole.

Nafasi ni tatu, maneno ni sita. Basi matatu yamewekwa kukujaribu. Usianze na orodha. Soma muhtasari, kisha tafuta mahali pake katika habari.

(Kimya cha dakika mbili. Wanafunzi wajaze.)

Nafasi ya kwanza. Wengi huandika "panga", kwa sababu wameliona katika habari. Tazameni neno linalofuata: "visivyosafishwa". Panga lingetaka "lisilosafishwa". Hiyo "vi" yaita "vifaa", na panga ni kimojawapo cha vifaa. Nafasi ya pili ni "mapema", maana habari yasema "kabla ya wakati wake". Nafasi ya tatu ni "joto": moto hutoa joto, na twasema "joto kali", lakini "maji makali".

Mmeona? "Vifaa", "mapema" na "joto" hayamo kabisa katika habari. Orodha hupima kama umeelewa maana, ijapokuwa imevaa neno jingine. Neno la orodha lililomo pia katika habari huenda likawa sahihi, lakini kuonekana kwake tu si ushahidi.

Sasa muhtasari wa pili, usio na orodha. Agizo lasema: "Jaza kwa maneno ya habari, yasiyozidi mawili."

"Mnyauko huletwa na (1) ____. Wadudu hufuata utamu wa (2) ____. Mkulima huliondoa kwa mti wenye (3) ____."

(Kimya cha dakika mbili.)

Ya kwanza ni "bakteria". Ya pili ni "ua dume". Aliyeandika "ua dume la mgomba" ameelewa vema, lakini ametumia maneno manne, naye hapati alama. Hesabuni maneno kabla ya kuweka kalamu chini.

Ya tatu ni "panda". Hapa tutulie kidogo. Orodha ikiwapo, neno limekwisha andikwa mbele yako. Orodha isipokuwapo, wewe ndiwe mwenye jukumu la kila herufi. Andika "g" mahali pa "d", na "panda" itakuwa "panga". Hilo si kosa la alama moja tu. Habari yataka mti wenye panda ili ua livunjwe bila kukatwa, chuma kisiguse utomvu wenye bakteria. Atakayesoma "panga" na kulifuata, akalipitisha shambani bila moto, aweza kuupeleka ugonjwa kwa mkono wake mwenyewe. Basi nakilini neno kama lilivyo, kisha lisomeni tena herufi kwa herufi mkilinganisha na habari. Wala msilete neno lenu wenyewe, hata likiwa na maana ile ile: "vijidudu" si jibu pale habari iliposema "bakteria".

Kwa hiyo, penye orodha linganisha maana, kisha jaribu upatanisho wa sentensi. Pasipo orodha tafuta mahali, hesabu maneno, na nakili sawasawa. Katika kazi zote mbili, mwisho soma muhtasari mzima kwa sauti. Sentensi ikikwama ulimini, rudi uitazame.

Zoezi: katika muhtasari wa pili, ongezeni sentensi hii, "Panga lipitishwe ____ kabla ya kuhamia mgomba mwingine." Jazeni bila orodha. Kisha kila mmoja atunge orodha ya maneno matatu kwa nafasi hiyo hiyo, moja tu likiwa sahihi, nalo lisiwe lile la habari. Mpeane daftari mkaguane.

Kwa herini.